Tiketi inasema Ijumaa tarehe 14, treni imepita Jumamosi tarehe 15: mdogo wangu amefika mapema kwa siku nzima na bado amekosa safari

#1 Bi_Mwanaisha (Tanga)

Habari zenu, wanajukwaa. Naomba msaada wa kuelewa jambo ambalo limemgharimu mdogo wangu fedha nyingi.

Anasoma Ujerumani. Alinunua kwa wakala wa mtandaoni tiketi ya treni ya usiku yenye behewa la kulala. Treni hiyo haiendi kila siku bali usiku tatu kwa wiki, na yeye alitakiwa kupandia stesheni ya katikati ya njia. Tiketi imeandikwa hivi: kuondoka Ijumaa 14.03.2025, saa 00:47. Kijana akafanya hesabu sahihi kabisa. Saa 00:47 ya Ijumaa ni dakika 47 baada ya Alhamisi kwisha, kwa hiyo Alhamisi usiku saa tano na nusu alikuwa stesheni na begi lake. Ubao haukuonyesha treni hiyo. Alisubiri mpaka saa tisa usiku, dirisha la tiketi limefungwa, baridi kali. Akaamini kwamba treni imefutwa, na asubuhi akanunua tiketi nyingine ya treni za mchana ili awahi shughuli yake.

Baadaye akaambiwa kwamba treni haikufutwa. Ilipita usiku wa kuamkia Jumamosi, saa 00:47, kitanda chake kikiwa kitupu. Alipodai kurudishiwa fedha, wakala akajibu kwamba abiria hakutokea. Swali langu ni hili: inawezekanaje treni inayoondoka tarehe 15 ikaandikwa tarehe 14?

#2 Mzee_wa_Stesheni (Tabora)

Pole sana, binti yangu. Mimi ni mstaafu wa reli ya kati, na jambo hili si geni kwetu, ingawa kwa abiria ni giza tupu.

Kwa mtu wa reli, treni ina jina, na jina hilo ni namba yake pamoja na tarehe iliyotoka stesheni ya kwanza. Tarehe hiyo haibadiliki njiani. Treni ikitoka Dar es Salaam Jumanne, kwetu Tabora ilikuwa ni "treni ya Jumanne" hata kama tuliipokea Jumatano usiku na kuipeleka mbele kuelekea Kigoma Alhamisi alfajiri. Njia ile ina zaidi ya kilomita 1,200, na kama tungebadilisha jina kila usiku wa manane, orodha ya abiria aliyokuja nayo kondakta isingelingana na daftari la stesheni hata moja.

Kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii. Chukulia treni inayotakiwa kutoka saa 23:50, ikachelewa nusu saa, ikatoka saa 00:20. Je, imekuwa treni ya kesho? Na ile ya kesho yenyewe tuiiteje? Kwa hiyo tarehe ya treni hufungwa pale ilipopangwa kuanza safari. Treni ya mdogo wako bila shaka ilitoka mwanzo wa njia Ijumaa jioni, ikawa treni ya tarehe 14 mpaka mwisho. Aliyechapa tiketi alichukua tarehe ya treni badala ya tarehe ya abiria.

#3 Juma_wa_Kariakoo

Haya yalinikuta mimi pia. Mwaka jana karani wa basi aliniandikia saa 6:30, nami nikafika saa sita na nusu mchana, kumbe alimaanisha 6:30 ya kizungu, yaani saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Basi lilikuwa limekwisha kuondoka saa sita nzima kabla. Tiketi zote zingeandikwa kwa saa za Kiswahili, matatizo haya yangekwisha.

#4 Bi_Mwanaisha (Tanga)

Pole, kaka Juma, lakini tatizo lako ni la saa na letu ni la tarehe. Mdogo wangu saa aliijua sawasawa. Hata ingeandikwa "saa sita na dakika 47 usiku", bado angejiuliza ni usiku wa siku gani.

Mzee wangu, ahsante. Ni kweli, nimeangalia ratiba: treni hutoka mwanzo wa njia saa 21:52 Ijumaa.

#5 Bint_Pwani (Mombasa)

Mimi ningesema kwamba mashine imeandika kile ambacho watu wengi wenyewe husema. Ukinialika harusini "Ijumaa saa sita na nusu usiku", sitakuja Alhamisi. Nitakuja usiku unaofuata mchana wa Ijumaa, kwa sababu kwa matumizi ya kila siku, siku ya mtu inaisha pale anapolala.

Lakini pwani tuna hesabu nyingine ya wazee, ambayo ni kinyume chake. Siku inaanza jua linapotua, kwa hiyo "usiku wa Ijumaa" ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, yaani Alhamisi baada ya magharibi. Ndiyo sababu mwezi wa Ramadhani ukiandama jioni, tarawehe huswaliwa usiku uleule kabla ya mtu kufunga siku ya kwanza. Kwa hesabu hiyo mdogo wako alifika kwa wakati.

Sasa tuna usiku mmoja wenye majina mawili, kutegemea nani anazungumza. Kiswahili kimeshatupa njia ya kutoka, na wewe mwenyewe umeitumia katika swali lako: "usiku wa kuamkia Jumamosi". Maneno hayo hayana tafsiri mbili.

#6 Data_za_Safari (Nairobi)

Maelezo ya Mzee wa Stesheni ni sahihi kuhusu desturi, nami niongeze namna desturi hiyo inavyoingia kwenye kompyuta, kwa sababu nadhani hapo ndipo tiketi ilipoharibikia. Nilizifahamu faili za ratiba wakati njia za matatu za Nairobi zilipoanza kuwekwa katika GTFS, mfumo wa kuandika ratiba za usafiri ili kompyuta izisome, kupitia mradi wa Digital Matatus.

Katika GTFS, safari yote hubaki chini ya siku moja ya huduma, yaani ile tarehe ya treni aliyoisema Mzee, na saa zinaruhusiwa kuvuka 24. Treni ya mdogo wako ingeandikwa takriban hivi ndani ya `stop_times.txt` (majina ya stesheni ni yangu):

```
trip_id,departure_time,stop_id,stop_sequence
N1,21:52:00,A,1
N1,24:47:00,D,4
N1,27:12:00,F,6
```

Siku ya huduma ni `20250314`. Stesheni D haisomeki 00:47 bali 24:47, yaani saa 24 na dakika 47 tangu siku ya huduma ilipoanza. Ukisoma vitu viwili hivyo pamoja, tarehe 14 na saa 24:47, hakuna kosa lolote: ni tarehe 15 saa 00:47. Kosa huzaliwa pale mtu anapotaka kumwonyesha abiria saa ya kawaida. Anaondoa 24, anapata 00:47, na anasahau kwamba ukiondoa saa 24 kwenye saa, lazima uongeze siku moja kwenye tarehe. Kinachochapwa ni 14 na 00:47, ambazo kila moja peke yake ina asili ya kweli, lakini zikikaa pamoja zinataja usiku ambao treni haikuwepo.

Nimekutana na kosa hili zaidi ya mara moja katika programu za watu makini. Halionekani wakati wa majaribio kwa sababu wajaribuji hujaribu safari za mchana.

#7 Seva_Mpole (Dodoma)

Mimi nina maelezo mepesi zaidi. Seva nyingi hutunza muda kwa UTC, yaani saa moja ya rejea kwa dunia nzima. Mwezi wa tatu, kabla saa hazijasogezwa, Ujerumani iko saa moja mbele ya UTC. Kwa hiyo 00:47 ya tarehe 15 kule ni 23:47 ya tarehe 14 katika UTC. Sehemu moja ya programu imechukua tarehe kutoka kwenye muda wa seva, sehemu nyingine imechukua saa ya stesheni, na matokeo yake ni 14 na 00:47. Hakuna haja ya kuingiza mambo ya siku ya huduma.

#8 Data_za_Safari (Nairobi)

Maelezo yako yanawezekana, Seva Mpole, lakini yana mpaka ambao unaweza kuyapima. Kwa tofauti ya saa moja, kosa la UTC linawapata tu wanaopanda kati ya 00:00 na 00:59, na wakati wa kiangazi kati ya 00:00 na 01:59. Anayepanda stesheni F saa 03:12 hawezi kuguswa nalo, kwa kuwa katika UTC ni 02:12 ya tarehe ileile. Kosa la siku ya huduma halina mpaka huo: linampata kila anayepanda baada ya usiku wa manane, hata alfajiri.

Bi Mwanaisha, tiketi inasema treni inafika lini mwisho wa safari? Nikipewa tarehe hiyo nitaweza kusema zaidi.

#9 Bi_Mwanaisha (Tanga)

Nimemwomba anisomee tena. Imeandikwa: kufika 15.03.2025, saa 08:35.

#10 Data_za_Safari (Nairobi)

Hapo lazima niwe mkweli: hilo linanidhoofisha. Kama programu ingekuwa inaondoa 24 bila kuongeza siku, ingelifanyia lilelile kituo cha mwisho. Kufika kungekuwa 32:35, kungegeuka 08:35, na tarehe ingebaki 14. Tiketi ingeonekana nzuri kabisa, safari ya saa 7 na dakika 48, ila imesogezwa siku moja nyuma. Lakini hapa kuondoka ni 14 na kufika ni 15, kwa hiyo ama kosa limefanyika upande mmoja tu, ama chanzo ni kingine. Hoja ya UTC inaingia vizuri zaidi: 08:35 kule ni 07:35 katika UTC, tarehe ileile 15.

Jambo moja ambalo tiketi yenyewe ingeweza kumwonya ni muda wa safari. Kutoka 14 saa 00:47 hadi 15 saa 08:35 ni saa 31 na dakika 48. Hakuna anayelala treni saa 31 kwa njia ya urefu ule. Simlaumu, kwa maana hakuna abiria anayekaa kutoa tarehe kwenye tarehe, lakini mwenye tiketi ya namna hii afanye hesabu hiyo kabla ya kutoka nyumbani. Ikizidi kwa saa 24 kamili kile kilichoandikwa kwenye ratiba, tarehe moja kati ya mbili ni ya uongo.

#11 Seva_Mpole (Dodoma)

Nashukuru. Nilijua tu kwamba saa za seva zitaonekana mapema au baadaye.

#12 Mzee_wa_Stesheni (Tabora)

Msiniache nyuma, vijana. Maelezo yangu ya kwanza pia yanakubali tarehe hizo mbili, tena bila kosa la hesabu. Kwenye tiketi kuna mahali pa "tarehe ya safari". Aliyebuni karatasi ile aliweka hapo tarehe ya treni, yaani 14, kwa sababu ndiyo itakayomwezesha kondakta kupata kitanda katika orodha. Kisha pembeni akaweka saa ya stesheni ya kupandia. Tarehe ya kufika haimo katika jina la treni, kwa hiyo ilihesabiwa kwa kalenda ya kawaida, ikatoka 15. Kondakta akiisoma hatakosea hata mara moja. Abiria ndiye ambaye hakuambiwa kwamba ile 14 si yake.

#13 Msafiri_wa_Leeds

Niko Uingereza, na nadhani wengi hapa mmechukulia kwamba siku lazima ikatike saa 00:00. Reli za hapa haziko hivyo. Tiketi ya kawaida ya siku moja hutumika mpaka saa 04:29 ya usiku unaofuata tarehe yake. Ukiwa na tiketi ya tarehe 14 na ukapanda treni ya saa 00:47 usiku wa kuamkia 15, uko halali kabisa. Kwa hiyo mtu aliyezoea huku angeiona tiketi ya mdogo wako na kusema, bila kusita, kwamba ni usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi.

#14 Data_za_Safari (Nairobi)

Ni kweli, lakini tutenganishe mambo mawili. Saa 04:29 ni mwisho wa uhalali wa tiketi ambayo haijafungwa kwenye treni moja. Tiketi ya kitanda au kiti maalumu hutaja treni yake, na hapo swali si "mpaka lini" bali "treni ipi". Anayechukua kanuni ya kwanza na kuitumia kwenye tiketi ya pili anaweza kupatia hapa na kukosea kwingine.

#15 Mwanafunzi_wa_Osaka

Kukosea kwingine ndiko kulikonikuta mimi, na ni kinyume cha kisa cha mdogo wako. Japani kuna treni ya usiku iitwayo Sunrise, inayokwenda Tokyo ikitokea Izumo na Takamatsu jioni. Kwetu Osaka inasimama kama dakika 34 baada ya usiku wa manane. Tiketi ya kupandia Osaka huandikwa tarehe ya kalenda, yaani ile mpya. Nami kabla ya hapo nilikuwa nimezoea mabasi ya usiku, ambayo baadhi ya kampuni huandika 24:30 au 25:10 chini ya tarehe ya jana yake. Yaani ukiona "Ijumaa 25:10" unakwenda Ijumaa usiku, unasubiri mpaka saa saba na dakika kumi.

Kwa mazoea hayo nilisoma tiketi ya treni ya Jumamosi 0:34 kama "Jumamosi usiku". Nilifika Jumamosi saa tano na nusu usiku, na treni yangu ilikuwa imepita takriban saa 23 zilizotangulia. Tiketi haikuwa na kosa hata herufi moja. Kosa lilikuwa kwamba nilikuwa nimejifunza kanuni moja na nikadhani ndiyo kanuni ya dunia.

#16 Bint_Pwani (Mombasa)

Kisa chako kinaniogopesha kuliko cha kwanza. Aliyefika siku moja kabla bado ana nafasi: akipata wa kumwelekeza, atarudi kesho yake na treni ataikuta. Aliyefika siku moja baadaye hana cha kurudia.

#17 Bi_Mwanaisha (Tanga)

Ni kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Mdogo wangu alikuwa na saa karibu 24 za kuokoa safari yake, ila hapakuwa na mtu wa kumwambia. Simu ya wakala ilikuwa ikijibiwa asubuhi tu, na asubuhi hiyo alikuwa tayari ndani ya treni nyingine.

#18 Kalamu_ya_Mbeya

Nasoma kwa makini. Kwetu mpakani usiku wa manane wenyewe ni wawili. Tanzania iko saa tatu mbele ya UTC, Zambia saa mbili. Saa 00:30 ya Jumamosi ukiwa Tunduma ni 23:30 ya Ijumaa ukivuka hatua chache kuingia Nakonde. Treni ya TAZARA inayokwenda Kapiri Mposhi ikivuka hapo katika saa hiyo, inaingia katika siku ambayo imekwisha kuiacha. Nilipokuwa mdogo baba alitufundisha kuuliza, "Kwa saa za upande gani?" Nilidhani ni ya saa tu, sikujua kwamba ni ya tarehe pia.

Seva Mpole, kama mfumo wa tiketi ungekuwa wa kwetu, kosa la UTC lingewapata abiria wangapi?

#19 Seva_Mpole (Dodoma)

Kwa Tanzania lingeanzia 00:00 hadi 02:59, kwa sababu ya zile saa tatu. Wote wanaopanda katika saa hizo wangechapiwa tarehe ya jana.

#20 Nesi_Ughaibuni (Vienna)

Samahani kwa kuchelewa kuingia katika uzi. Nina tiketi ya mwezi wa kumi na moja mwaka jana, nadhani ni ya wakala huyohuyo kwa jinsi Bi Mwanaisha anavyoielezea. Nilipanda saa 02:20 usiku. Tiketi ilikuwa na tarehe ya siku iliyotangulia. Mimi sikukosa treni kwa sababu ninafanya kazi za zamu, na kazini kwetu zamu ya usiku huitwa kwa siku inapoanza. Zamu ya Jumatano inaisha Alhamisi asubuhi na bado ni ya Jumatano. Niliisoma tiketi vivyo hivyo, nikafika usiku unaofaa, wala sikujua kwamba kuna tatizo.

#21 Data_za_Safari (Nairobi)

Hiyo ni muhimu sana, dada. Mwezi wa kumi na moja tofauti na UTC ni saa moja, kwa hiyo 02:20 ni 01:20 katika UTC, tarehe ileile. Kosa la UTC halingeweza kukupata. Je, tarehe ya kufika ilikuwa ipi?

#22 Nesi_Ughaibuni (Vienna)

Haikuandikwa. Palikuwa na saa ya kufika peke yake.

#23 Seva_Mpole (Dodoma)

Basi karatasi hizo mbili hazifanani, na pengine hazikutengenezwa na programu moja. Wakala mmoja huuza tiketi za kampuni nyingi, na kila kampuni hutuma data kwa namna yake. Siwezi kuacha hoja yangu kwa tiketi ya treni nyingine ya miezi minne iliyopita.

#24 Mzee_wa_Stesheni (Tabora)

Nami siachi yangu, kwa sababu inazieleza zote mbili. Lakini nakubali kwamba kuzieleza zote mbili si kuthibitisha.

#25 Bi_Mwanaisha (Tanga)

Tumejaribu kipimo cha Data za Safari. Mdogo wangu ametafuta treni ileile kwenye tovuti ya wakala, kwanza kutoka stesheni yake, kisha kutoka ile ya saa 03:12. Zote mbili sasa zinaonyesha tarehe ya kalenda, bila kosa. Hatujui kama wamerekebisha, au kama kioo cha kutafutia hutengenezwa na sehemu moja na karatasi ya tiketi na sehemu nyingine baada ya kulipa. Hatutalipa tena ili kujua.

#26 Wakili_Msomaji (Arusha)

Kwa upande wa madai, nitasema machache. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 2021/782 kuhusu haki za abiria wa reli inashughulika zaidi na treni iliyochelewa, iliyofutwa, au muunganiko uliokosekana. Treni yenu ilikuja kwa wakati, kwa hiyo msidai kwa msingi wa kuchelewa, maana mtajibiwa kwa sentensi moja. Daini kwa msingi wa taarifa yenye makosa kwenye tiketi. Ambatisheni nakala ya tiketi, ratiba rasmi ya treni ile inayoonyesha kwamba tarehe 14 saa 00:47 hapakuwa na treni katika stesheni hiyo, na risiti ya tiketi ya pili aliyonunua asubuhi. Saa ya ununuzi kwenye risiti hiyo inathibitisha kwamba alikuwa stesheni akijaribu kusafiri siku tiketi iliyomwelekeza, na jibu la "hakutokea" linapoteza nguvu. Malalamiko chini ya kanuni hiyo hupelekwa ndani ya miezi mitatu tangu tukio, kwa hiyo msipitishe katikati ya mwezi wa sita.

#27 Bi_Mwanaisha (Tanga)

Ahsante sana, wakili. Risiti ipo: imechapwa 14.03.2025 saa 05:58. Barua itakwenda kesho.

#28 Fundi_Rashidi (Munich)

Jamani, uzi huu umenitia hofu. Nina tiketi ya kitanda, Jumapili 30.03.2025, kuondoka 00:12, kufika 30.03.2025 saa 06:40. Nimefanya hesabu mliyofundisha: ni saa 6 na dakika 28. Lakini kwenye tiketi pameandikwa muda wa safari saa 5 na dakika 28. Haizidi kwa saa 24, inapungua kwa saa moja. Je, niende Jumamosi usiku au Jumapili usiku?

#29 Nesi_Ughaibuni (Vienna)

Rashidi, usiku huo ndio saa zinasogezwa mbele. Saa 02:00 inakuwa 03:00. Sisi wa zamu tunaukumbuka kwa sababu tunafanya kazi saa moja pungufu.

#30 Data_za_Safari (Nairobi)

Dada Nesi amekupa ufunguo, na angalia jinsi unavyofungua mlango. Saa inayopotea iko kati ya 02:00 na 03:00 alfajiri ya Jumapili tarehe 30, na haipo usiku mwingine wowote. Kama treni yako ingepita usiku wa kuamkia Jumatatu, safari ingekuwa saa 6 na dakika 28 kamili, kwa kuwa usiku ule hakuna kinachopotea. Tiketi inasema 5 na dakika 28, maana yake aliyeihesabu alijua kwamba safari inapita ndani ya saa ile iliyofutwa. Kwa hiyo tarehe 30 ni ya kalenda, si ya siku ya huduma. Uwe stesheni Jumamosi tarehe 29 kabla ya usiku wa manane.

Hata hivyo usitegemee hesabu yangu peke yake. Mchana wa Jumamosi nenda dirishani, taja namba ya treni, na uulize swali moja tu: ilitoka au itatoka mwanzo wa njia siku gani na saa ngapi?

#31 Fundi_Rashidi (Munich)

Nimetoka dirishani sasa hivi, Jumamosi saa nane mchana. Karani amesema treni inatoka mwanzo wa njia leo saa 20:40. Naenda kufunga begi.